Ulinganisho: ubishi wa "nani aliimba" umalizwe kwa ushahidi gani ndani ya hadithi fupi?

KalamuNzito

Wadau, salaam. Nina hadithi fupi ya maneno kama 1,500 na imenikwamia mwishoni. Wazee wawili, Sefu na Idi, marafiki wa tangu utotoni, wamekaa kibarazani na redio inapiga *Don't Worry, Be Happy*. Sefu anatikisa kichwa, anasema Bob Marley alijaliwa kipaji cha pekee. Idi anamwambia huyo anayeimba si Marley, ni Bobby McFerrin. Basi, ubishi umeanza, na mambo ya zamani yanafukuliwa humo humo.

Wimbo nimeuchagua makusudi, kwa sababu kosa la Sefu wanalo watu wengi mno duniani. Msomaji ataingia kwenye hadithi akiwa tayari ana upande.

Nimebakiza maneno 400 hivi ya kuumaliza ubishi, na ninapima njia nne:

A. Mjukuu anatoa simu, anatafuta, anawasomea jibu.
B. Tarehe. Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, wimbo ulitoka 1988.
C. Kitu cha kushikika: kaseti au santuri yenye jina la mwimbaji.
D. Masikio. Wanausikiliza upya na wimbo wenyewe unatoa jibu.

Masharti yangu ni mawili. Ushahidi uwe wa kweli, msomaji anayejua muziki asiukatae. Na Sefu asidhalilishwe, maana hawa watakaa kibaraza hicho hicho kesho. Mngechagua ipi, na kwa nini?

Mchambuzi

B, wala hapana haja ya kuzunguka. Marehemu haingii studio. Idi anataja 1981, anataja 1988, Sefu anahesabu kwa vidole, kwisha. Maneno 50 yanatosha na 350 yaliyobaki unayatumia kwenye urafiki wao. A ni njia ya mkato, na C inakulazimisha utafute sababu ya kaseti kuwepo pale.

Sahani45

Mchambuzi, tarehe zote mbili ni sahihi, ila hazifungi hoja. Sefu akiwa mpenzi wa kweli wa Marley atakuuliza: na Buffalo Soldier je? Ule wimbo ulitoka 1983, ukiwa kwenye albamu ya Confrontation, miaka miwili baada ya mazishi. Iron Lion Zion nao ulitolewa 1992. Vyote vilirekodiwa akiwa hai, vikakaa kwenye mikanda, vikatolewa baadaye. Kwa hiyo mwaka wa kutoka hautuambii mtu aliimba lini. Kinachotakiwa ni tarehe ya kurekodiwa, na hiyo wazee wawili kibarazani hawana.

Hata ukiwapa kava mkononi, tahadhari. Kuna alama mbili ambazo watu huzichanganya. Herufi P ndani ya duara ndiyo inayohusu sauti iliyorekodiwa, na mwaka unaoifuata ni mwaka sauti hiyo ilipochapishwa. Herufi C ndani ya duara inahusu picha na maandishi ya kava. Kwenye albamu za mkusanyiko mambo huharibika zaidi, kwa sababu mara nyingi mwaka unaoonekana pale ni wa mkusanyiko wenyewe, na nyimbo zilizomo zinaweza kuwa na umri wa miaka 20. Mtu akisoma mwaka huo kama umri wa wimbo, anapotea.

Hata hivyo B isitupwe. Iweke katikati ya hadithi. Idi anataja tarehe akidhani ameshinda, Sefu anamrudishia Buffalo Soldier, na Idi anabaki mdomo wazi. Hapo msomaji aliyekuwa na uhakika anaanza kuyumba, na Sefu anapata heshima ya mtu anayejua anachokisema, hata kama kwa wimbo huu amekosea.

DadaRiwaya

Naunga mkono hilo la katikati. Ushahidi unaoonekana wa mwisho halafu ukapinduliwa ni bora kuliko ushahidi mmoja unaomaliza kila kitu mapema. Ila nina swali kwa Sahani45. C ina udhaifu gani, ukiacha hilo la miaka? Kaseti yenye jina la McFerrin si inatosha?

Sahani45

Ikiwa kava limepigwa chapa na kampuni, inatosha. Wimbo umo kwenye albamu ya *Simple Pleasures* ya 1988, na jina lake liko pale mbele. Shida ni kaseti walizokuwa nazo watu wengi, zile za kunakili. Mtu alirekodi kutoka redioni au kwa jirani, akachukua kalamu akaandika anachodhani. Kaseti ya namna hiyo inakwambia aliyeiandika aliamini nini, basi. Na ndiyo itakayokuwa mkononi mwa Sefu: upande A, mwandiko wa kalamu ya wino, "Bob Marley – Don't Worry." Ameitunza miaka yote hiyo kama hati ya shamba. Huwezi kumlaumu akiileta kama ushahidi.

Kifaa

Samahani, huenda naingilia. Mimi wimbo huu ninao kwenye flashi, na ukipigwa kwenye redio ya gari kioo kinaandika Bob Marley kabisa. Kwa hiyo mnasema redio inakosea? Nawezaje kurekebisha isiandike hivyo?

Besi_Nzito

Kifaa, redio haikosei wala haijui chochote. Inasoma maandishi yaliyomo ndani ya faili. Kwenye MP3 za mtindo wa zamani kuna kipande cha baiti 128 mwishoni mwa faili. Kinaanza na herufi tatu, TAG, kisha nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu, na vinginevyo kidogo. Yeyote aliyetengeneza faili alijaza anachotaka, na hapana mtu aliyehakiki. Watu waliponakiliana faili hizi, kosa la mmoja lilisafiri pamoja na wimbo mpaka likawafikia wote.

Kurekebisha kwenye kompyuta, kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i wimbo.mp3 -c copy -write_id3v1 1 -metadata artist="Bobby McFerrin" wimbo2.mp3
```

Jina la faili la pili lisifanane na la kwanza, maana programu hiyo haiandiki juu ya faili inayoisoma. Ile `-c copy` inaiacha sauti kama ilivyo, kinachobadilika ni maandishi tu. Ukimaliza, isikilize ile mpya kwanza, kisha ndipo ufute ya zamani. Na kama redio ya gari bado inaandika jina la zamani, chomoa flashi uichomeke upya, kwani baadhi ya redio hukumbuka orodha ya awali.

KalamuNzito, hili linakuhusu pia. Njia A ina hatari hii hii. Mjukuu akiandika jina la wimbo na kupekua video, atakutana na nyingi zenye picha ya Marley na jina lake, zilizopandishwa na watu waliotoa faili zao kule kule. Simu inaweza kumpa Sefu ushindi asiostahili.

Mchambuzi

Lakini si kuna programu za kutambua wimbo? Wazee wapige mluzi mbele ya simu, jina linatoka. Hizo haziangalii maandishi.

Besi_Nzito

Nusu yake ni kweli. Haziangalii maandishi ya faili, zinalinganisha sauti na rekodi zilizohifadhiwa. Ila nyingi kati yake zinalinganisha rekodi na rekodi: alama za sauti katika sekunde chache za wimbo uleule, kutoka studio ileile. Mluzi wa mzee haufanani na rekodi yoyote, kwa hiyo kwa programu za namna hiyo hautapata kitu. Zinafanya kazi redio ikiwa inapiga wimbo wenyewe, na kelele zisizidi. Kwa hiyo A inawezekana kama mjukuu atawahi kabla wimbo haujaisha.

Ila kwangu mimi jibu ni D, na nitasema kwa kirefu kwa sababu ndiyo njia pekee inayotoka ndani ya wimbo.

Kwenye rekodi ile ya 1988 hakuna ala. Hakuna gitaa, hakuna besi ya nyuzi, hakuna dramu wala kinanda. McFerrin alijirekodi tabaka juu ya tabaka: mluzi, sauti ya kuongoza, sauti za kujaza, na ile ya chini kabisa inayofanya kazi ya besi. Vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Ulishika namba moja Marekani Septemba 1988, na mwaka uliofuata ukachukua tuzo za Grammy, ikiwemo ya wimbo wa mwaka.

Sasa chukua Marley wa miaka ya mwisho. Unakuta besi ya Aston Barrett na dramu za Carlton Barrett, gitaa linalokata kifupi kwenye pigo la pili na la nne, na nyuma yake sauti za wanawake watatu, I-Threes. Mtu aliyemsikiliza Marley maisha yake yote ana vitu hivyo mwilini hata kama hajui majina yake. Sefu hahitaji kufundishwa kitu. Anahitaji tu kuvitafuta asivikute.

Jambo moja la kuangalia ni chombo wanachosikilizia. Redio ndogo yenye spika ya upana wa kiganja haitoi sauti za chini sawasawa, kwa hiyo usimwambie Sefu asikilize besi. Hatasikia besi yoyote, ya Marley wala ya McFerrin, na atasema redio ni mbovu, naye atakuwa na haki. Matoazi nayo usiyategemee, maana masikio ya wazee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu. Kinachobaki ni gitaa. Lile pigo la kukata liko katikati, spika ndogo inalitoa na sikio la mzee linalipokea. Idi amwambie apige kofi pale gitaa linapogonga.

Mchambuzi

Nakubali kuhusu ala. Lakini lafudhi je? Aliyeimba pale ana lafudhi ya Jamaika. Hilo linampa Sefu nguvu, na huwezi kulipuuza.

Besi_Nzito

Halipuuzwi, litumike. McFerrin alizaliwa New York mwaka 1950. Lafudhi ile aliiigiza kwa ajili ya wimbo. Mwimbaji anaweza kuivaa lafudhi na kuivua, kwa hiyo haimtambulishi mtu. Ila ni moja ya sababu kubwa za watu kukosea. Sefu aitaje, na msomaji atamwelewa.

DadaRiwaya

Ipo sababu nyingine kubwa kuliko lafudhi, nashangaa haijatajwa. Marley ana *Three Little Birds*, umo kwenye albamu ya Exodus ya 1977. Kiitikio chake nacho kinamwambia mtu asihangaike na lolote. Nyimbo mbili, ujumbe mmoja, mwendo wote wa taratibu, na jina la ule wa pili linafanana na maneno ya kiitikio cha ule wa kwanza. Kichwani mwa Sefu zimeungana zikawa wimbo mmoja wenye mwimbaji mmoja.

Kwa mwandishi hili ni zuri sana, kwa sababu Sefu anakuwa hajaota. Alichosikia ujanani kilikuwepo, na kilikuwa cha Marley kweli. Kilichochanganyika ni jina la wimbo tu.

Njia ya kuligundua hilo bila simu wala kaseti ni hii: mwambie aimbe ubeti, asiimbe kiitikio. Kiitikio hukaa mdomoni mwa kila mtu na huhama kutoka wimbo hadi wimbo. Ubeti hauhami kirahisi. Mtu anayekumbuka wimbo wa McFerrin ataingia kwenye shida za kukosa pa kulala na mwenye nyumba anayedai kodi. Mtu anayekumbuka wa Marley atawaona ndege wake. Sefu akianza kuimba, mdomo wake mwenyewe utamwambia anaimba upi.

Kwa hiyo mpangilio ningeufanya hivi. Tarehe kwanza, zinapinduliwa na Buffalo Soldier. Kaseti ya mwandiko wa mkono, Idi anaikataa. Gitaa, ambalo Sefu analitafuta na kulikosa lakini hakubali. Halafu ubeti. Kila hatua inamsogeza kidogo, na ya mwisho anaipiga mwenyewe. Simu iache kabisa, au mjukuu awe nayo kwa kurudisha wimbo mwanzo tu.

Tahadhari moja ya kazi: usinukuu mistari ya nyimbo hizo. Majina ya nyimbo unaweza kuyataja, lakini maneno ya nyimbo yana mwenyewe na wachapishaji wengi hukuomba kibali kwa hata mstari mmoja. Eleza kinachoimbwa kwa maneno yako.

KalamuNzito

Asanteni sana, mmenifungua. Tarehe na kaseti nimezirudisha nyuma kama mlivyosema. Mwisho nimeuandika hivi, naomba mkosoe bila huruma:

> Mjukuu aliurudisha wimbo mwanzo. Sefu akanyoosha kidole kuelekea kwenye simu.
>
> "Isikie lafudhi hiyo. Hiyo ni Jamaika tupu."
>
> "Lafudhi mtu huivaa," alisema Idi. "Niambie gitaa liko wapi."
>
> "Lipo."
>
> "Basi piga kofi linapogonga."
>
> Sefu aliinua viganja. Alingoja, kichwa kimeinama upande, kama alivyongoja mbele ya kila wimbo wa Marley aliowahi kuupenda. Viganja vilisogeleana, vikasita. Vikasogeleana tena. Kulikuwa na mluzi. Kulikuwa na sauti, na chini yake sauti nyingine, na zote zilikuwa za mtu yule yule.
>
> "Hakuna gitaa, babu," alisema mjukuu.
>
> "Nyamaza wewe." Sefu alisogeza kiti. "Limepunguzwa. Siku hizi wanapunguza."
>
> "Zima," Idi alimwambia kijana. "Zima kabisa. Sefu, kiitikio kila mtu anakijua. Niimbie ubeti."
>
> Sefu alikohoa, akafumba macho, akaanza kwa sauti ya chini. Kulikuwa na asubuhi ndani yake, na jua linachomoza, na ndege watatu wadogo mlangoni. Idi hakumkatiza. Alimwacha afike kwenye kiitikio, kisha akaingia na sauti ya pili, ile aliyokuwa akiishika tangu wakiwa vijana.
>
> Sefu ndiye aliyenyamaza wa kwanza.
>
> "Huu siyo ule," alisema.
>
> "Siyo."
>
> "Lakini huu ni wa Marley."
>
> "Huu ni wa Marley, ndugu yangu, na atakayekubishia nitabishana naye mimi."
>
> "Na ule ni wa nani?"
>
> "Wa yule niliyekwambia. McFerrin."
>
> Sefu alilijaribu jina mara moja, halikumkaa mdomoni, akaliacha.
>
> "Tuwekee wa ndege kwanza," alimwambia mjukuu.

DadaRiwaya

Viganja vinavyosita ni vizuri mno, usiviguse. Ninachokiondoa ni mjukuu kusema hakuna gitaa. Ugunduzi ni wa Sefu, na kijana amemnyang'anya. Mjukuu anyamaze, na ile "limepunguzwa" ya Sefu itoke bila kuulizwa. Mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa ameshasikia mwenyewe kwamba halipo.

Besi_Nzito

Kiufundi pamekaa sawa. Ongeza neno moja tu kuonyesha spika ni ndogo, ili anayejua muziki aelewe kwa nini Idi hakuuliza besi. Na umri wao uangalie. Kama walikuwa vijana wa miaka 18 au 20 Exodus ilipotoka, sasa wako karibu na 70. Usiwafanye wa miaka 80 na ushee kisha useme waliimba "wakiwa vijana wadogo".

Mchambuzi

Mimi bado nina tatizo, na ni la mantiki. Kofi na ubeti vimethibitisha kwamba Sefu alichanganya nyimbo. Vimethibitisha pia kwamba rekodi ile haifanani na za Marley. Lakini hakuna hata kimoja kilichothibitisha kwamba mwimbaji ni McFerrin. Sefu anauliza "ule ni wa nani", Idi anataja jina, na Sefu anakubali bila ushahidi wowote. Ubishi ulikuwa "nani aliimba". Hadithi imejibu nani hakuimba.

KalamuNzito

Hapo umenigusa. Kweli, jina linaingia kwa mdomo wa Idi tu.

DadaRiwaya

Kwangu si tatizo. Sefu ameacha kubisha, na mtu akishaacha kubisha humwamini rafiki yake. Hadithi si mahakama.

Mchambuzi

Lakini mwenye hadithi ameweka sharti mwenyewe: ushahidi uwe wa kweli, anayejua asiukatae. Mimi si mwanamuziki na nimeukataa.

Besi_Nzito

Mtangazaji wa redio angeweza kulitaja jina wimbo unapoisha. Watangazaji hufanya hivyo. Ila sasa wimbo unarudishwa kwa simu, si redio tena, na mtangazaji akitokea dakika ile ile itaonekana umemwita.

Sahani45

Nakubaliana na Mchambuzi kwamba pengo lipo, na C ndiyo inayoliziba, kwa sababu simu tumeshaiacha, na kati ya zilizobaki ndiyo pekee inayotoa jina. Usiitumie kama pigo la kumaliza ubishi. Iweke baada ya ubishi kwisha, mstari mmoja au miwili. Sefu ana kaseti yake ya kunakili yenye mwandiko wa kalamu. Idi naye awe na ile ya dukani, na asiwe ameitoa mapema kwa sababu alitaka rafiki yake asikie kwanza.

Ukiiandika, ieleze kwa kitu kinachoonekana kwa macho. Kava limepigwa chapa, *Simple Pleasures*, jina la Bobby McFerrin, wimbo huo ndio wa kwanza upande A, na chini kwa herufi ndogo ile P ya duara na 1988. Kaseti mbili mezani, moja ya wino na moja ya chapa. Sefu hahitaji kusomewa.

DadaRiwaya

Nina wasiwasi kwamba Idi ataonekana alikuwa anamchezea mwenzake jioni nzima huku jibu liko mfukoni.

Sahani45

Isiwe mfukoni. Iwe ndani, kwenye sanduku, na Idi mwenyewe asiwe na hakika kama bado ipo. Atume kijana akaitafute mara tu kaseti ya Sefu inapotokea, kisha ubishi uendelee wao wakisahau kwamba kuna mtu anapekua. Hiyo inamtoa mjukuu kibarazani wakati wa kofi la gitaa, na lile tatizo lake la kusema "hakuna gitaa" linaondoka lenyewe.

KalamuNzito

Lakini mjukuu akiwa ndani, nani anarudisha wimbo mwanzo?

Besi_Nzito

Simu ibaki mezani. Idi abonyeze mwenyewe, akosee mara moja, wimbo uanzie katikati ya mluzi. Hata hapo gitaa halipo.